Ukurasa wa Sila Uliotikisika

Lori lilikuwa limekwisha kuiacha Makambako nyuma, likipanda kuelekea Njombe, na Elieza amelikumbatia daftari la duka kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Duka lilimshinda. Lameki, tajiri wa Iringa aliyekuwa akimkopesha bidhaa, alikuwa analichukua kesho mchana, pamoja na rafu, mizani na daftari. Na humo daftarini ndimo zilimoandikwa fedha ambazo watu waliziweka kwa Elieza wasije wakazinywa. Lameki aliahidi kumlipa kila mtu kama daftari linavyosema.

"Ahadi ya tajiri ni umande," mkewe Priska alikuwa amemwambia. "Nenda kwa Kefa akupigie picha kila ukurasa, ubaki na ushahidi."

Ukurasa uliomnyima Elieza usingizi ulikuwa wa mwanawe Sila. Kijana alikuwa ameirudisha kwa baba yake kila senti aliyoipata kwenye mashamba ya mkonge, iwekwe iwe mahari ya kumwoa Noela wa Tandala.

Kefa, kaka yake Priska, aliishi Njombe na mama yao, na kazi ya picha alijifunza jeshini. Alikuwa na kamera ya mbao ya miguu mitatu.

"Kamwene, shemeji! Umeleta daftari au umeleta mahari?"

"Piga picha, acha maneno. Lori linarudi jioni."

Kefa alifunua daftari, akasonya. "Likiwa limeshonwa hivi, tarakimu za kwenye mkunjo zitazama kizani. Nipe wembe." Akakata uzi. Elieza akafumba macho kama anayechinjiwa ng'ombe wake. Ukurasa ukabandikwa ubaoni ukutani, umenyooka, katikati ya madirisha mawili ili kivuli cha upande mmoja kiuliwe na mwanga wa upande wa pili. Kioo hakuweka juu yake: kingeng'aa na kumeza maandishi.

"Njoo utazame."

Elieza akaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi. Ukurasa ulikuwa umepinduka, kichwa chini.

"Angalia pembe zote nne. Kama upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, kamera imeinama. Na usome tarakimu ya pembeni, siyo ya katikati tu. Katikati hakudanganyi, pembeni ndiko kwenye wizi."

"Mbona unaweka kioo cha njano mbele?"

"Wino wako wa buluu. Kioo changu cha picha, kile kinachonasa sura ndani ya kamera, huiona buluu kama karatasi tupu. Cha njano kinaizuia, wino unatoka mweusi. Lakini lazima kamera ifumbue jicho kwa muda mrefu. Wewe simama. Hata kukohoa, kohoa kesho."

Kurasa zilipita moja baada ya nyingine. Wa Sila ukawa wa mwisho, na kioo cha picha kilichobaki nacho kilikuwa cha mwisho. Kefa akafunua lenzi, akaanza kuhesabu kwa mdomo. Injini ikanguruma barabarani. Elieza, mtu asiyetulia tangu kuzaliwa, akapiga hatua kwenda dirishani. Mbao za sakafu zikalia.

"Umetikisa!" Kefa akafunika lenzi. "Shemeji, umetikisa kamera."

"Kidogo tu."

"Hicho kidogo ndicho kinachofanya tatu iwe nane. Sikiliza. Lala hapa. Usiku nasafisha vioo, asubuhi tunasoma picha na daftari pamoja, tarakimu kwa tarakimu. Ukurasa ulioharibika tunarudia, naazima vioo misheni. Daftari lisiondoke kabla hatujasoma. Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Elieza akatazama pazia la chumba cha ndani. Nyuma yake mama mkwe wake alikuwa akikohoa.

"Nilale nyumba moja na mkwe wangu? Watu watasemaje, Kefa?"

"Watasema ulikuwa na daftari."

"Hapana. Mkwe ni mkwe."

Akakusanya kurasa, akazifunga kwa kamba, akapanda lori. Kesho yake Lameki akalichukua daftari.

Picha zilipofika, Elieza alizisoma mlangoni. Safi, safi, safi. Ya Sila ilikuwa na kila mstari mara mbili, kama macho ya mlevi. Miezi michache baadaye Lameki akasema daftari limeungua ghalani, na shauri likaenda barazani.

"Hii tatu au nane?" karani aliuliza.

"Nane," Elieza alisema. "Niliiandika kwa mkono wangu."

"Wewe ni baba yake. Isiyosomeka hailipwi."

Sila hakumlaumu. Alisema tu, "Baba, ungelala."

Wengine wote walilipwa. Noela aliolewa Iwawa na mkulima wa viazi. Sila alirudi mkongeni, akafia huko kwa homa bila kuoa. Kefa aliendelea na picha mpaka macho yalipomwishia. Mama mkwe alikufa mwaka uleule wa shauri. Priska alimwacha mumewe, akahamia kwa kaka yake. Elieza aliuza chumvi gulioni Makambako, peke yake, kwa fedha taslimu tu.