Mita Mia na Kumi kwa Njia

Maelezo ya ombi la kusajili zahanati yalikuwa na kurasa tisa, na hii ilikuwa mara ya tatu kuandikwa. Mara ya kwanza ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya iliyarudisha kwa sababu mkataba wa pango haukuwa na muhuri wa wakili. Mara ya pili leseni ya mtaalamu wa maabara ilikuwa imebakiza wiki mbili kwisha muda. Mwanaheri hakulalamika. Alikuwa ameshika kazi ya uuguzi na ukunga kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na alijua kwamba karatasi, kama mgonjwa, hurudi mpaka ipone.

Asubuhi hiyo alikaa barazani kwenye nyumba aliyopanga huko Mgeta, milimani, kurasa zikiwa mapajani, akimsubiri afisa afya aje kukagua. Chini yake mteremko ulishuka kwa ngazi za kabichi na karoti, na lori la mboga lilikuwa likinguruma kwenye kona likitafuta gia ya kwendea Morogoro. Ndani, Evance alikuwa akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Kijana huyu alikuwa afisa tabibu mwenye leseni hai, na katika ukurasa wa nne alitajwa kuwa mganga mfawidhi, mwajiriwa wa muda wote. Alikuwa ameacha kazi mjini kwa ajili ya sentensi hiyo moja.

"Sista, umeisoma tena?" aliuliza.

"Naisoma mpaka koma zinanichukia."

Aliposoma, jicho lake lilirudi palepale, kwenye sehemu ya huduma: *Zahanati itatoa huduma za wagonjwa wa nje, afya ya uzazi na mtoto, vipimo vya msingi vya maabara, na huduma ya kujifungua kwa uzazi usio na matatizo.* Maneno ya mwisho ndiyo yaliyomleta huku. Katika ukurasa wa kwanza, fomu ilipotaka sababu ya kuchagua eneo hili, alikuwa ameandika kwamba wanawake wa vitongoji vya juu huzalia njiani. Hakuandika kwamba mmoja wao alikuwa binti wa dada yake, wala kwamba mtoto hakulia.

Rahel, afisa afya, alifika saa nne, viatu vikiwa vimejaa tope jekundu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda kwa miguu?"

"Pikipiki ilikataa kule kwenye kona. Dereva akasema yeye ana watoto."

Walicheka kidogo, kama watu wanaoiwekea akiba pumzi yao. Rahel alikataa kiti, akaomba aanze. Alikagua sakafu kama inaoshika, akafungua bomba, akahesabu hatua za chumba cha sindano, akachungulia kichomea taka. Kila alipotazama kitu alitafuta mstari wake kwenye kurasa, akaweka alama ya vema. Chumba cha kujifungulia alikisifu kwa sauti: kitanda, taa, mlango mpana wa kupitisha machela. Mwanaheri alianza kuamini kwamba huenda leo karatasi ikapona.

"Shimo la kondo la nyuma?"

Evance aliwaongoza hadi pembe ya chini ya kiwanja. Shimo lilikuwa limejengwa kwa tofali na kufunikwa kwa zege.

"Mmeandika kwamba liko mita mia na kumi kutoka chanzo cha maji," Rahel alisema. "Chanzo chenyewe kiko wapi?"

"Chemchemi iko kule chini," Evance alijibu. "Nilipima mwenyewe kwa futi kamba, na mzee mmoja wa hapa akinishikia ncha."

"Mlipitia wapi?"

Evance alimtazama kana kwamba ameulizwa maji hushuka kwenda wapi. "Njiani."

Njia ilishuka ikienda kushoto mpaka kwenye mgomba, ikarudi kulia mpaka kwenye jiwe, ikaenda kushoto tena. Milimani hakuna anayepima umbali kwa namna nyingine. Hata shamba likionekana chini ya miguu, liko mbali kadiri ya njia yake. Rahel alitoa futi kamba yake. Evance alishika ncha juu ya kifuniko cha zege, naye Rahel akashuka moja kwa moja katikati ya kabichi, akiteleza, akishika mashina, akiomba radhi kwa mama mmoja aliyekuwa akipalilia.

"Njia ipo, dada!" mama yule alimpigia kelele. "Au Halmashauri imewafundisha kushuka kama nyani?"

Chini kabisa, kwenye jiwe ambalo maji yalitokea, Rahel aliinua mkono.

"Thelathini na nane!"

Aliporudi alikuwa akihema. "Sheria inataka sitini, Sista. Maji ya ardhini hayafuati njia ya miguu."

"Tukilihamishia juu?"

"Juu ni mwamba," Evance alisema kwa sauti ya chini. "Tulijaribu. Mahali pekee pasipo na mwamba pana shimo la choo."

Pande zote mbili yalikuwa mashamba ya kabichi ya koo nyingine. Kituo cha karibu chenye shimo la kupokea kondo kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa lori. Wote watatu walijua hayo.

Evance ndiye aliyesema. "Afisa, hiyo mia na kumi si uongo. Ni kwa njia. Ukiiacha ilivyo, nani wa Bodi kule Dodoma atakuja kushuka kwenye kabichi?"

Rahel alionekana kuchoka, na Mwanaheri aliona kwamba lile neno "hapana" lingemgharimu kulitamka. Mwanaheri alitazama chini ya mteremko. Kwenye chemchemi msichana mmoja alikuwa ameinama, akijaza ndoo kwa kata.

"Hapana," Mwanaheri alisema mwenyewe. "Maji yale wananyweshwa watoto ninaotaka kuwazalisha."

Walirudi barazani. Rahel alieleza taratibu: bila huduma ya kujifungua, ombi la zahanati lisingepita; ashushe daraja, aombe kliniki ya wagonjwa wa nje, kliniki ya wajawazito ibaki. Taarifa ya ukaguzi angeiandika upya ombi likirekebishwa, kisha lipitie mkoani, kisha Bodi.

"Na mama akinijia mtoto ameshaanza kutoka?"

"Huwezi kumfukuza, Sista. Andika: huduma ya dharura kabla ya rufaa. Lakini ukiandika rufaa, watakuuliza unamsafirisha kwa chombo gani."

Mwanaheri alichukua kalamu. Alikata mstari juu ya maneno ya kujifungua, taratibu, kwa rula, jinsi alivyozoea kukata kosa kwenye jalada la mgonjwa ili lililokatwa liendelee kusomeka. Kisha alirudi ukurasa wa kwanza. Sababu ya kuchagua eneo hili haikulingana tena na huduma. Alishika kalamu juu yake kwa muda mrefu.

"Hiyo nayo itabidi ibadilike," Rahel alisema kwa upole.

"Haibadiliki. Wanazalia njiani. Nitawafuata huko huko."

Alifungua ukurasa wa saba, orodha ya vifaa. Baada ya mizani na kipimo cha shinikizo la damu aliandika: *Machela, mbili.* Akafikiri, akaongeza kwenye safu ya maelezo kwamba zitatumika hadi barabara ya lori.

"Fomu haina nafasi ya wabebaji," Rahel alisema.

"Najua." Akamgeukia Evance. "Kesho tupime tena. Kutoka vitongoji vya juu hadi barabarani. Hiyo upime kwa njia."