Nyumba Iendayo Ipinda

Asubuhi ile Angetile alikuwa akikwangua tumbo la chungu kwa kipande cha kibuyu. Veronika, jirani na mfinyanzi mwenzake, akafika na kigae mkononi kuomba moto.

"Gwe," alisema, "nyumba yako imesogea."

Angetile akageuka. Ni kweli. Nyumba ya mianzi aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa imeondoka mahali pake kwa upana wa mkeka, ikaelekea upande wa Ipinda. Mafiga yalibaki nyuma, nje kwenye umande, na kuku walikuwa wameshalala palipokuwa na kitanda.

"Udongo huu wa ziwani hauna adabu," alisema, akampa kaa la moto, akaendelea kukwangua. Chungu kikikauka kabla hujamaliza tumbo lake hakina msamaha.

Siku hizo wanaume wawili walikuwa wameanza kumjia, na wote wawili kwa kishindo. Wanawake wa soko la Lyulilo walisema bahati ya mjane ni kama masika ya kwetu: hainyeshi, hainyeshi, halafu siku moja inabomoa jiko.

Wa kwanza alikuwa Aliko, mvuvi wa Matema, mtu wa kucheka mpaka mbwa wakasimama. Mara ya kwanza alileta samaki nusu mtumbwi, wengi kuliko wanaoweza kuanikwa na mtu mmoja. Alipoulizwa kulikoni, alisema, "Nikikuona sijui kiasi." Akaketi kuwapasua mwenyewe, akiuliza maswali: kwa nini udongo wa pwani ya Ikombe na si wa hapa? Nani alimfundisha? Marehemu alikuwa mtu wa namna gani? Alipoonja togwa lake alikunja uso, akasema lina uchachu wa kuua nyoka. Angetile alikasirika mpaka jioni. Aliko akicheka, nyumba nzima ilitikisika, masizi yakaanguka ndani ya mboga.

Wa pili alikuwa Ezra, mnyapara wa wapagazi wa mfanyabiashara mmoja huko Ipinda. Alikuwa na kanzu safi, mwavuli, na sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Walipoonana mara ya pili tu alimwambia, "Nimetembea kutoka hapa mpaka Karonga na mizigo ya Wajerumani. Sijaona mwanamke. Mungu alikuwa amekuficha kwa ajili yangu." Akamkunjulia kaniki mpya mbele ya soko zima, wanawake wakapiga vigelegele. Kesho yake alileta sukari. Keshokutwa, kioo. Baada ya hapo ukawa ni mwendo wa mvua: kila alfajiri mpagazi mlangoni na kifurushi, na kila jioni mwenyewe, akiuliza amekula nini, ameongea na nani, mbona adhuhuri hakuonekana.

Asikudanganye mtu: Angetile alipenda. Tangu afiwe, sifa alizozizoea ni za wanunuzi, na mnunuzi wa chungu husifu kwa kutafuta ufa. Ezra hakutafuta ufa. Alichopenda yeye, Ezra naye alikipenda. Angetile akisema anapenda harufu ya udongo mbichi, Ezra alisema ndiyo iliyomlea, huku akiziba pua kwa ncha ya kanzu. Alikuwa ameshachagua kiwanja cha kuishi, ameshataja majina ya watoto, na yote sharti yawe kabla ya masika. Jambo moja tu hakulifanya. Hakuwahi kumuuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kumshangaza.

Na nyumba ikawa inaenda. Iliondoka kwa kaniki, ikaondoka kwa sukari, na kwa kioo ikavuka mgomba wa Veronika bila kuuvunja jani. Watu walizoea. Wapita njia waliipisha. Majumbe wawili waligombana kijiji gani sasa kiihesabu, kisha wakapatana vizuri: kila mmoja akaidai kodi.

"Mbona unakaa mbali na sisi?" Veronika aliuliza siku moja, akihema, maana kuomba moto sasa kulikuwa safari.

"Ezra anasema mnanionea kijicho."

"Kijicho nakuonea, wala sikufichi. Mimi mume wangu mara ya mwisho kunipa kitu alinipa upele. Lakini moto nautaka vilevile."

Angetile hakucheka. Alikuwa hapati usingizi. Alilala akisikiliza njia na kuamka akisikiliza njia. Mpagazi akichelewa alichungulia mlangoni; akifika, alichungulia tena. Aliona nyumba ikitembea, akajua lazima kuna anayeisukuma, na akili yake ikaenda kwa yule anayeitikisa. Nani mwingine? Ezra hakuangusha hata sisimizi, lakini Aliko akicheka nguzo zilicheza.

Basi Aliko alipokuja, alimwambia waziwazi. "Usije tena mpaka nikuite. Unaniondolea nyumba."

Aliko aliweka kafi chini. "Nimekuchosha?"

"Sijui. Nataka nione."

"Haya. Sijapenda, nakwambia ukweli. Ila nyumba ni yako." Akachukua kafi lake. Hatua chache mbele akageuka. "Hao samaki wa juu ya dari wageuze, wataoza."

Hakuja. Sokoni Lyulilo alimwamkia kwa mbali, "Ugonile!" kwa sauti ileile ya kuamsha marehemu, akaendelea kuuza samaki. Hakumtuma dada yake. Hakuuliza majirani. Alionekana ana huzuni, na alionekana anakula.

Nyumba ilipaswa kutulia. Badala yake ilikaza mwendo. Majuma yale bila Aliko ilipita mashamba ya mpunga kama ng'ombe aliyeona zizi, Angetile akiwa ndani anashikilia vyungu visigongane. Pwani ikawa mstari mweupe nyuma yake. Kubeba udongo kutoka ziwani kukawa kazi ya kutwa, na Ezra akasema, "Udongo wa nini tena, mpenzi? Mikono hii si ya matope. Nitakutunza mimi."

Hapo Angetile akatazama mikono yake. Yeye ni mfinyanzi, na mfinyanzi hasadiki chungu kwa rangi. Hukipiga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza: kizima hulia wazi, chenye ufa hukoroma. Aliko alikuwa amegongwa tayari, bila yeye kukusudia, na alilia wazi. Huyu mwingine hajagongwa hata mara moja. Hajawahi kuambiwa hapana, hata ndogo.

Akachagua hapana ndogo kabisa.

"Ezra, kesho nachoma vyungu. Usije, wala usitume mtu. Njoo keshokutwa."

Ezra akacheka kwa upole. "Nitakaaje siku nzima bila wewe?" Kesho yake, moshi ukiwa bado mchanga, walifika wapagazi na mwavuli kama wake, na yeye nyuma yao. Nyumba ikaruka shimo la maji.

"Nilisema usije."

"Nimekuletea mwavuli."

"Nimeuona. Nilisema usije."

Uso wa Ezra ukabadilika polepole, kama maziwa yanavyoganda. "Yote niliyokufanyia," alisema. "Wanawake wangapi pwani hii wana kioo? Nimekuwa mjinga, kumbe moyo wako uko kwa wavua samaki." Machozi yalimtoka, ya kweli, yenye chumvi. Angetile akajikuta anaomba radhi, bila kujua kosa.

Kisha kimya. Hakuna mpagazi, hakuna salamu. Akamwona njiani, akapitwa kama kisiki. Angetile hakuweza kula. Alichoma vyungu kwa kuni nyingi mno, vikapasuka vyote, naye akakaa katikati ya vigae akisikiliza njia. Alijua sasa kile chungu kinakoroma. Kujua hakukumpunguzia njaa ya kumwona. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko nyumba kutembea.

Ezra akarudi na kaniki mbili, na maneno matamu kuliko ya kwanza. Kufumba na kufumbua nyumba ikasogea mara moja mwendo wa mwezi mzima.

Asubuhi Angetile akafungua mlango, akakuta ana majirani. Ng'ambo ya shamba moja la mpunga, nyuma ya ghala la tajiri wa Ezra, katika uwanja uliofyekwa na kuzungushiwa uzio, zilisimama nyumba kadhaa ambazo si za hapo. Moja ilikuwa ya Kikinga, bado na ukungu wa milimani chini ya paa. Nyingine ilinuka dagaa. Angetile akavuka shamba, akamkuta mwanamke akifagia mbele ya ile ya Kikinga.

"Karibu," alisema mwanamke. "Mimi Anyosisye. Yako imekuja haraka. Yangu ilichukua mavuno mawili, milima ile ina mawe."

"Na wewe alikuletea kioo?"

"Kioo, sukari, mwavuli. Machozi pia." Alifagia kidogo. "Vilikoma siku nyumba ilipofika. Sasa nikiomba chumvi naulizwa ya kwanza nilipeleka wapi."

"Mbona hurudi kwenu?"

"Niliambiwa kwetu wananionea kijicho. Nikaacha kuwaamkia." Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya mtama, akaingia ndani kutazama jungu.

Nyumba ya Angetile ilikuwa bado haijafika ndani ya uzio. Ilibakiza lile shamba la mpunga. Alifunga kaniki, kioo, sukari iliyobaki na mwavuli, akavirudisha ghalani mbele ya wapagazi, akamwambia Ezra, "Sitaki. Usije leo wala keshokutwa."

Ezra alilia, akanyamaza, akatukana, akamtuma shangazi wa Angetile, akamtuma mwinjilisti, kisha akalia tena. Kila alipofanya moja, nyumba ilitetemeka mahali ilipo. Haikusogea. Lakini pia haikurudi. Angetile alingoja irudi, hata kwa upana wa mkeka, akaona hairudi. Akapeleka mafiga hapo iliposimama, akawa anashuka ziwani alfajiri na kupanda jioni na udongo kichwani. Shangazi aliwaambia watu kwamba mpwa wake alipendwa akashindwa kupendeka.

Akamwita Aliko. Alifika amelowa jasho, akilaani umbali kwa sauti ya kijiji kizima. Akacheka, masizi yakaanguka. Akataka wafunge ndoa mavuno yajayo. Angetile akasema bado hajui. "Haya," alisema Aliko, "basi nije lini?" Wakapatana siku, na siku hiyo akaja. Alileta samaki watatu tu, akaonekana inamuuma.

Ezra hakupungukiwa na kitu. Wiki chache baadaye wanawake wa Lyulilo walipiga vigelegele tena, safari hii kwa Elizabeth, binti wa wakulima wa ndizi. Angetile alimwendea akamweleza yote: kaniki, machozi, uwanja nyuma ya ghala. Elizabeth alisikiliza kwa heshima.

"Mwambie tu siku moja asije," Angetile alisema. "Halafu sikiliza."

"Dada, kwa nini nimwambie hivyo, na mimi nataka aje?"

Angetile mwenyewe alikuwa ametaka.

Mwezi ulipoandama, akipanda na udongo kichwani, alikutana na nyumba njiani. Ilikuwa inatembea vizuri, moshi wa jiko ukitoka, mlango wazi. Ndani Elizabeth alikuwa anasuka nywele mbele ya kioo kipya.

"Ugonile, dada!" Elizabeth aliita.

"Ndaga," Angetile aliitikia. Njia ilikuwa nyembamba. Akashuka kwenye maji ya mpunga mpaka magotini, udongo ukiwa kichwani, akaipisha.