Bei ya Joto la Jiko

Mwaka tisini na nne, wanunuzi binafsi wa kahawa walipomiminika Mbinga, mmoja wao aliniajiri ukarani wa mizani. Nikaanza kujiona mjanja kuliko mizani yangu.

Tulipanga nyumba watu watatu, elfu kumi na nane kwa mwezi: mimi, mwalimu Isidori wa Maguu, na Cuthbert wa Lituhi, aliyeuza usipa, dagaa wa ziwani. Chumba kikubwa kilikuwa na bafu na choo chake ndani. Cha kati, cha kawaida tu. Cha tatu kilibanana na jiko, kidogo kiasi kwamba panya akitaka kuingia, ilibidi mimi nitoke.

Nilikihitaji kikubwa. Mchumba wangu Restituta, fundi cherehani, alishatamka: "Siolewi nikapange foleni ya choo na wanaume."

Nikajitolea kupanga bei. Kikubwa elfu saba. Hivyo viwili, elfu tano na mia tano kila kimoja.

"Kidogo kilingane na cha kati?" Isidori akashangaa.

"Mwalimu, kina joto la jiko! Julai ya hapa huijui?"

"Kwa hiyo bei hizi ni za haki?"

"Haki tupu!"

Cuthbert akatabasamu. "Vizuri. Kwenye mtumbwi wa baba, anayegawa mafungu ya samaki huchukua la mwisho. Mimi kikubwa."

"Mimi cha kati," akadakia Isidori.

Nikabaki na joto langu.

Cuthbert alikaanga usipa kila jioni. Baada ya wiki mbili paka wa mtaa mzima walinisindikiza kazini, kumi na saba, kwa mstari.

Restituta alipokuja kukagua, alisimama nje kwa sababu mimi nilikuwa ndani.

"Ndicho hiki?"

Nikamweleza yote. Hakucheka, na hilo likanitisha zaidi. Akatoa utepe wake wa kupimia, akapima nyumba nzima mbele ya wenzangu: kikubwa mita za mraba ishirini, cha kati kumi na mbili, changu nane.

"Bafu tulitengee elfu mbili," akasema. "Elfu kumi na sita zinazobaki, kwa mita arobaini, ni mia nne kila mita. Kikubwa na bafu lake, elfu kumi. Cha kati, elfu nne na mia nane. Hiki, elfu tatu na mia mbili."

"Shemeji," Cuthbert akaruka, "kwa elfu tatu na mia mbili nahamia humo sasa hivi! Usipa wangu haunisumbui."

Isidori naye akakubali kabla sijakohoa. Nikalipa elfu kumi kwa chumba nilichokipangia saba kwa mdomo wangu mwenyewe.

Lakini Restituta aliolewa. Mpaka leo, nyama ikiiva, nagawa mimi mafungu mawili, anachagua yeye. Nimestaafu kila kitu isipokuwa hilo fungu la mwisho.