Vali ya Sindano

Wenzake walimwita Sindano, jina alilojipachika mwenyewe. Alikuwa daktari anayesomea upasuaji wa moyo, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko mikono. Wiki nzima aliwatangazia wakwe zake kwamba wiki ikiisha atashona vali, kile kilango cha damu, ndani ya moyo wa mtu. Kimebaki kijimtihani tu, alisema: ashone moja kwenye moyo wa ng'ombe, mkufunzi aikague.

Moyo wenyewe, uliotoka buchani asubuhi hiyo, ulilala kwenye trei, chumba chake cha juu cha kushoto kimepasuliwa wazi. Vali bandia huja imefungwa kwenye mshikio, ili mshonaji asikosee upande. Sindano akaung'oa.

"Mshikio umekukosea nini?" aliuliza daktari mwenzake, dada mwenye ulimi wa pilipili.

"Unanizibia. Huo ni wa wanaojifunza kutembea."

"Haya, kaka mkubwa. Tembea."

Akashona mbio, nyuzi zimepangika utadhani kitambaa cha bi harusi. Mkufunzi, mama wa makamo asiyecheka ovyo, akaja na jagi la maji.

"Kwanza niambie, damu inapita wapi?"

"Inatoka mapafuni, inaingia chumba cha juu. Vali inafungukia chini, damu inashuka chumba cha chini. Hicho kikikaza, vali inajifunga. Damu haina pa kurudi, inatokea mshipa mkuu kwenda mwilini. Njia ni moja tu, mwalimu."

"Safi. Tuone kama vali nayo imekusikia."

Akamimina maji chumba cha juu. Yakatuama kama kwenye kikombe. Hata tone halikushuka.

"Itakuwa imekwama," alisema Sindano, akainama kuchungulia.

Mkufunzi akaubana mshipa mkuu kwa koleo, akachoma bomba la sindano kwenye ncha ya moyo na kujaza maji chumba cha chini. Vali ya kweli ingejifunga kimya. Hii ikafunguka kwa ukarimu wote, maji mekundu yakamrukia Sindano machoni, puani na kwenye ule mdomo.

"Umeishona juu chini," alisema mkufunzi. "Inafunga mlango wa kwenda, inafungua wa kurudi."

"Mgonjwa angezama palepale kitandani," alisema dada. "Mapafu yamejaa damu, lakini mshono maridadi!"

Simu ya Sindano ikalia mezani. Baba mkwe.

"Pokea kwa kipaza sauti," mkufunzi aliamuru.

"Mwanangu! Ukoo mzima tumekaa hapa. Kesho unashona saa ngapi?"

Maji yalimchuruzika kidevuni. Akamtazama mkufunzi. Mkufunzi akatikisa kichwa: hapana.

"Baba... kesho sishoni. Nitashika mrija wa kunyonya damu."

Upande wa pili mtu akakohoa.

"Mwambie asihofu," dada alinong'ona, akimpa taulo. "Huo mrija tutakuonyesha ncha ya kushika."