Tanuri Mbovu Ndani ya Barua

Mhadhiri wa sayansi ya udongo aliimaliza barua kwa dakika kumi. Mwanafunzi wake wa mwaka wa nne alikuwa anaomba ufadhili wa shahada ya uzamili, na mwisho wa kupokea barua ulikuwa kesho saa sita mchana. "Ana bidii, nidhamu na akili nyingi," aliandika, akampelekea katibu wa idara aigonge muhuri.

Katibu, mama asiyemung'unya maneno, aliisoma akacheka. "Mwalimu, hii ukibadilisha jina tu, hata mimi napata ufadhili."

Mhadhiri alinuna, kisha akaona aibu. Darasa lilikuwa na watu mia na themanini, na yeye binti yule alimjua kwa alama zake tu. Akaichana barua, akashuka maabara.

Fundi wa maabara alikuwa anaosha mikebe alipoulizwa habari za binti. "Yule? Si ndiye aliyeniumbua na tanuri yangu!"

Akafungua daftari la kumbukumbu. Binti alikausha sampuli kumi na mbili za udongo siku nzima, akazipima, akazirudisha, akazipima tena: uzito bado ulikuwa unashuka, maana udongo haujakauka. Akaingiza kipimajoto kingine. Tanuri ilionyesha nyuzi mia na tano. Ndani zilikuwa themanini na nane. Wenzake walishakabidhi ripoti. Yeye aliandika hitilafu ile daftarini, akasubiri itengenezwe, akarudia sampuli zote.

Mhadhiri alinakili tarehe, akapekua na alama za zamani. Hapo akasita, akampigia binti simu.

"Mwanangu, jaribio lako la kwanza ulipata thelathini na nane. Nataka kulitaja."

"Mwalimu, si litaniharibia?"

"Baada ya pale ulifanya nini?"

"Nilikuja kukuomba karatasi yangu. Nikarudia maswali yote, nikakuletea usahihishe."

"Na mtihani wa mwisho ukapata themanini na moja. Hilo ndilo nitakaloandika. Ukikataa, naliacha."

Alimsikia akivuta pumzi. "Andika, Mwalimu."

Alishinda mezani mchana kutwa. Alieleza amemfundisha masomo gani na kwa muda gani, akaweka tanuri, akaweka ile thelathini na nane, na neno "bidii" hakuligusa. Asubuhi aliituma mwenyewe kwenye tovuti ya wafadhili, saa mbili na nusu.

Wiki sita baadaye binti aliitwa kwenye usaili. Baada ya mwezi mwingine akaja idarani mbio, simu mkononi.

"Nimepata, Mwalimu! Na usaili wote ulikuwa tanuri, tanuri tu. Wakaniuliza kwa nini sikunyamaza na kukabidhi kama wenzangu."

"Ukawajibuje?"

"Nikawaambia zile namba zilikuwa za uongo, na juu yake kulikuwa na jina langu."

Katibu, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akaja kumkumbatia binti kwa nguvu mpaka miwani ikamdondoka.