Chagua Chochote, Tukifungue

Meneja wa ukumbi alilitamka neno "bure" kwa wepesi, kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Viti viwili tu," alisema. "Nivione vimekaa pale ukumbini. Nikiridhika, tunaandikiana mkataba wa vyote. Ni sampuli tu, jamani."

Kasuku alikuwa ameshafungua mdomo kukubali. Jina hilo hakupewa kwa upendeleo. Mdomo wake ulikuwa na haraka kuliko miguu yake, na ndio uliowaleta wateja wote wa karakana yao ya makochi. Yeye ndiye aliyetafuta kazi, akapatana bei na kufuatilia malipo. Fundi alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyeketi naye pale mbele ya meza akiwa na mfuko wa vitambaa mapajani. Watu walimwita Bi Mkanda, kwa sababu hakuweza kukalia kiti cha mtu bila kwanza kuinama na kuchungulia mikanda iliyofungwa chini yake. Hata msibani alishawahi kufanya hivyo, mbele ya wafiwa, na Kasuku akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Hatutengenezi sampuli za bure," alisema Bi Mkanda.

Mtu mwingine angeanza na samahani, angezungukazunguka, angesingizia afya. Yeye aliliweka neno mezani na kuliacha hapo.

Kasuku alimkanyaga mguu chini ya meza. Kazi hii waliihitaji kufa na kupona. Karakana ilikuwa haijapata kazi ya maana tangu mvua zianze, mwenye nyumba alishawaambia mwisho wa mwezi hataki hadithi, na kiwanda kimoja cha magodoro, mji wa mbali, kilikuwa kinamtaka Bi Mkanda akaajiriwe. Ukumbi huu ukiwaponyoka, karakana inafungwa na wifi anaondoka. Kasuku angebaki na mdomo wake, na mdomo bila fundi hauna cha kuuza.

"Wenzenu wawili wamekubali," alisema Meneja. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila lilishaanza kupoa. "Mmoja ameshaleta vyake."

"Hongera zake."

"Wifi anamaanisha..." Kasuku aliingilia kwa kicheko.

"Wifi anamaanisha alichosema." Bi Mkanda hakupandisha sauti. "Bosi, kiti kimoja ni kitambaa, sponji, mikanda na siku yangu nzima. Nikikupa wewe bure, lazima nifidie kwa mtu mwingine anayenilipa, na huyo hajanikosea. Halafu tuliwahi kutoa. Mwenye mkahawa mmoja alichukua kiti chetu akampelekea fundi wa bei ya chini akiige. Vikatoka vyote vinafanana na chetu, kwa nje."

"Kwa hiyo mimi ni mwizi?"

"Sijasema hivyo. Wewe sikujui, na wewe hunijui. Ndiyo maana tuko hapa."

Feni ya mezani iligeuka kwa Meneja, ikageuka kwao, ikarudi kwa Meneja. Kasuku aliona kazi inaondoka hivi hivi, inapita mlangoni na miguu yake yenyewe, na aliyeifungulia mlango ni wifi yake mwenyewe. Alimchukia kidogo wakati ule, tusifichane.

Bi Mkanda alifungua mfuko. Akatoa vipande vya vitambaa na vipande vitatu vya sponji, akavipanga mezani. "Hivi unabaki navyo. Vibonyeze, vivute, vimwagie chai. Hiyo ni zawadi. Ukitaka kiti cha majaribio, nakutengenezea kimoja cha kulipia, na ukitupa kazi tunakikata kwenye bili. Lakini kama unataka kuujua mkono wangu bila kutoa hata senti, usiangalie kiti kipya. Kiti kipya kila mtu anajua kukipamba. Angalia kilichokaliwa."

Akatoa simu yake, akafungua picha, akaisukuma mezani.

"Humo kuna kazi zetu tulizowapa watu mjini hapa. Chagua chochote. Mwenyewe akiridhia, tunakifungua mbele yako uone ndani. Kukifunga ni juu yetu."

Meneja aliichukua simu kwa uvivu wa mtu anayetaka tu kumaliza mazungumzo. Akapitisha picha moja, mbili. Kisha akaanza kupunguza mwendo. Akaegemea mbele.

"Hili hapa," alisema. "Hili linakaliwa kutwa nzima, bila shaka."

Kasuku alichungulia. Lilikuwa kochi refu jekundu la saluni ya kinyozi.

Tuseme ukweli wote sasa, maana yeye aliujua wote palepale. Miaka mitatu nyuma, kochi lile lilipokuwa linamaliziwa, Bi Mkanda alikuwa hospitali akimuuguza mama yake. Kinyozi alikuwa anafungua saluni kesho yake na simu zake hazikukoma. Upande wa kulia ulishakamilika. Wa kushoto ulikuwa mtupu na sponji nzima ilikuwa imekwisha. Kasuku, ambaye alijua kushika stepla kidogo tu, aliokota mabaki ya sponji sakafuni, akayabandika kwa gundi, akayashindilia, akayafunika na pamba na kukaza kitambaa kwa pini. Kwa nje lilipendeza. Kinyozi alilisifu. Kasuku alijiahidi kwamba atamwambia wifi yake, halafu siku zikawa zinapita, na jambo kama hilo kadiri linavyokaa ndivyo linavyozidi kuwa gumu kulitoa mdomoni, hata kwa mdomo kama wake.

"Saa hizi kinyozi ana foleni," alisema upesi. "Kuna kazi nzuri zaidi, kuna zile za zahanati..."

Meneja aliinua macho. "Kwani hili lina nini?"

"Halina kitu," alisema Bi Mkanda, na simu ilikuwa imeshafika sikioni mwake. Alizungumza maneno machache, akakata. "Kinyozi anasema twende."

Walikwenda kwa gari la Meneja. Kasuku alikaa nyuma, akitazama kisogo cha wifi yake. Alijaribu kuzungumza mara kadhaa, lakini angezungumza vipi ilhali Meneja yumo humo humo, mikono kwenye usukani? Alipiga picha akilini ya kitakachotokea: kitambaa kinafunuliwa, mabaki yanamwagika, ya rangi hii na rangi ile, na wifi yake anasimama palepale akiwa mwongo asiyejua kwamba ni mwongo. Kazi ingekwenda, na jina la Bi Mkanda lingekwenda nayo. Hata kile kiwanda kingesikia.

"Mwenzetu amenyamaza," alisema Meneja, akimwangalia kwenye kioo.

"Anasali," alisema Bi Mkanda.

Meneja alipotangulia kuingia saluni, Kasuku alimshika wifi yake mkono mlangoni na kumvuta pembeni.

"Wifi. Upande wa kushoto usifungue. Nakuomba." "Niliujaza mabaki mimi. Ulipokuwa hospitali. Mabaki na gundi. Mwambie tumeahirisha, mwambie ninaumwa, mimi nitaanguka hapa hapa ukitaka. Nisamehe."

Bi Mkanda alimtazama.

"Twende ndani," alisema.

Ndani kulikuwa na harufu ya pafyumu na nywele. Kinyozi aliwanyanyua wateja wawili, akawapa viti vya plastiki. "Mkiliharibu," aliwaambia, mashine ikinguruma mkononi, "wateja wangu mtawapakata wenyewe."

"Tufungue wapi?" Bi Mkanda alimuuliza Meneja.

Meneja alizunguka kochi, akabonyeza hapa na pale. Kisha akanyoosha kidole kushoto, karibu na kioo. "Hapa. Hapa ndipo kila mtu anapokaa."

Bi Mkanda alitoa bisibisi na koleo mfukoni. Hakupiga magoti. Alimpa Kasuku.

"Toa pini."

Kasuku alipiga magoti. Waliliinamisha kochi kwa nyuma ili upande wa chini uonekane. Aliingiza ncha ya bisibisi chini ya pini ya kwanza, akaivuta. Akaenda ya pili.

Hapo akasita kidogo.

Pini zake yeye alizikumbuka. Zilikuwa ovyo, nyingine mbili mbili, nyingine zimelala, kazi ya mtu anayeogopa kukamatwa. Hizi zilikuwa zimekaa karibu karibu, zote zimeinama upande mmoja, kama zilivyoinama pini za kila kiti kilichowahi kutoka kwenye karakana yao. Kulikuwa na mkono mmoja tu mjini uliopiga pini namna ile.

Alizitoa zilizobaki bila kuziona vizuri, kwa sababu macho yalishajaa machozi. Kitambaa kikalegea. Kasuku akakifunua.

Sponji ilikuwa nzima. Bonge moja, ngumu, kingo zimenyooka, na chini yake mikanda iliyosukwa ikipishana, imekaza kama siku ya kwanza.

Meneja aliinama. Alibonyeza kwa ngumi, akaiachia, akaitazama ikirudi. Akavuta mkanda mmoja, haukusogea.

"Kinyozi," alisema mwishowe. "Umewahi kuwaita warekebishe?"

"Niwaite kwa lipi?" Kinyozi alisema bila kugeuka.

Meneja alijifuta mikono. "Nitengenezeeni kimoja. Cha kulipia. Kikitoka hivi hivi, mkataba nitausaini, na malipo ya awali juu yake." Alimgeukia Bi Mkanda. "Lakini ungenipa vile viwili bure, tungekuwa tumeshamaliza tangu asubuhi."

"Tungekuwa tumemaliza," alisema Bi Mkanda, "ila usingeyajua haya."

Meneja alipoondoka, Kasuku alibaki sakafuni, kitambaa chekundu kimemwangukia magotini.

"Ulilibadilisha lini?"

"Jumapili ile uliyokwenda harusini. Nilishachungulia chini nikaona pini zako. Kinyozi alinifungulia saluni."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

"Miaka mitatu, wifi?"

"Si umeniambia leo?" Bi Mkanda alikuwa anatafuta stepla mfukoni. "Kwani mimi nilikuwa na wazimu, kumwambia mtu achague chochote bila kujua kila kimoja kilivyo ndani?"

Kasuku alijifuta uso kwa mgongo wa mkono.

"Kazi ya bure nilishaifanya mara moja," alisema wifi yake, akimkabidhi stepla. "Ile. Sifanyi nyingine. Haya, funga."

Kasuku alikaza kitambaa, akapiga pini ya kwanza. Bi Mkanda aliinama akaichungulia kwa karibu.

"Imelala," alisema. "Itoe."

Akaitoa.