Uzi Uliotoka Mtupu

Nilipouvuta uzi kutoka kwenye mtungi wa kioo wenye maji ya shabu, ulitoka mtupu. Punje ya shabu, ile chumvi ya kusafishia maji, niliyoifunga muda mfupi uliopita haikuwepo.

"Nani kaniibia?" nilifoka. Zilikuwa zimebaki wiki nne kufika maonyesho ya sayansi, na mimi, mwalimu wa kemia mzima, nilishaahidi shule fuwele moja ya shabu kubwa kama yai.

Dada wa maabara aliendelea kusuuza chupa zake. "Hajaiba mtu, mwalimu. Maji bado ya moto, na yakiwa moto yana njaa. Yameila."

Nikanuna, nikafunga donge nene kuliko yote. Akaukata uzi kwa mkasi. "Hizi ni punje tatu zimeng'ang'aniana. Fuwele itaota pembe kila upande." Akachagua punje ndogo kama dengu, angavu, isiyo na ufa. Akasubiri mpaka chembe za kwanza zikaonekana kwenye kitako cha mtungi, dalili kwamba maji yameshiba, akayachujia kwenye mtungi mwingine na kuitundika humo. Kisha akauviringishia blanketi ili upoe polepole.

"Tuweke kwenye friji basi," nikasema.

"Upate chengachenga kama sukari?" Akaufungia mtungi kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Kwa wiki nne nilizunguka kabati lile kama paka na bucha.

Siku ya maonyesho fuwele ilikuwa kama yai kweli, nyuso nane, unaona vidole vyako upande wa pili.

"Siri yenu nini?" akauliza jaji.

Nikakohoa nianze kueleza. Dada akaniwahi: "Ufunguo."